Pete inayokatala kila mwezi: maji yanatoka wapi, na ni uvimbe gani haufai kungojewa

Pete iliyoingia vizuri wiki iliyopita, leo inakatala kupita kwenye kiungo cha kidole. Bangili inaacha alama kwenye mkono. Babushi zinabana, maziwa yanauma, na tumbo linajaa kama vile mtu amekula bugali ya watu wawili. Siku mbili tatu nyuma ya hapo damu ya mwezi inakuja, na kabla ya wiki kuisha mwili unarudi vile ulikuwa.

Wamama na madada wengi hapa Goma wanalijua jambo hili, hata kama hawana jina lake. Mmoja atasema "niko nanenepa", mwingine "damu imenijaa", na mwingine atafikiri kuna mtu amemtilia kitu kwenye chakula. Kwa wengi si ugonjwa wala si sumu. Ni maji, na yanakwenda yenyewe.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili. Mama aliyezoea kuvimba kila mwezi anaweza kuvimba kwa sababu nyingine kabisa, ya figo, ya moyo au ya mimba, na akasema tu "ni ile yangu ya kila mwezi, itapita". Hiyo haipiti. Kwa hiyo makala hii inataka kujibu ulizo moja: utajuaje kama uvimbe wako ni ule wa mwezi ao ni mwingine?

Maji yanatoka wapi

Hesabu siku ya kwanza ya damu kuwa siku ya 1. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai linatoka karibu na siku ya 14. Baada ya yai kutoka, mwili unatengeneza kwa wingi homoni inayoitwa projesteroni, ile inayotayarisha tumbo la uzazi kama mimba itaingia.

Projesteroni inafanya figo zitupe chumvi zaidi kwenye mkojo. Mwili haupendi kupoteza chumvi, basi unajibu kwa kupandisha homoni nyingine, aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuziambia figo: shika chumvi, usiiache iende. Na mahali chumvi inabaki, maji yanabaki nayo. Wakati huohuo mishipa midogo ya damu inaachilia maji kidogo zaidi kupenya kwenye nyama ya mwili. Ndiyo maana uvimbe huu unaonekana kwenye vidole, maziwa, miguu na uso.

Tumbo ni jambo lingine kidogo. Hizo homoni zinabadilisha pia mwendo wa matumbo, chakula kinapita polepole na hewa inajaa. Kwa hiyo tumbo kubwa la kabla ya siku za mwezi si lote maji.

Hata hivyo wanasayansi hawajamaliza kuelewa kwa nini mmoja anavimba sana na dada yake havimbi. Huko Vancouver, nchini Kanada, watafiti walifuata wanawake 62 kwa mwaka mzima, kila mmoja akiandika kila siku kama anajisikia amejaa maji. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Waliona kwamba uvimbe unapanda polepole kuanzia katikati ya mzunguko, lakini kilele chake si siku za kabla ya damu kama wengi tunavyofikiri. Kilele ni siku ya kwanza ya damu yenyewe. Kisha unashuka haraka, na siku ambazo mwili ni mwepesi kuliko zote ni zile za baada ya damu kukauka. Kiasi cha homoni kwenye mwili hakikutosha kueleza nani atavimba zaidi.

Shika jambo hili, juu ndilo litatusaidia mbele: uvimbe wa mwezi unapanda, unafika kilele damu inapoanza, na unashuka. Ni lazima ushuke.

Ni kilo ngapi?

Kwa wastani uzito unaongezeka karibu nusu kilo wakati wa damu. Kwa wengine unafika kilo moja, na wapo wanaofika kilo mbili. Litre moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kilo moja na nusu ya uvimbe ni kama litre moja na nusu ya maji yaliyotawanyika mwilini. Mafuta ya mwili hayawezi kuingia na kutoka kwa siku nne. Kilo inayokuja na kwenda hivyo ni maji, si unene.

Daftari, uzi na balansi

Njia ya kujua uvimbe wako ni wa aina gani ni kuuandika kwa miezi miwili. Inatosha daftari la shule na kalamu. Kila siku unaandika tarehe, kama kuna damu ao hapana, na namba moja: 0 kama hakuna uvimbe, 1 kama ni kidogo, 2 kama pete inabana, 3 kama pete haiingii kabisa.

Kama hauna pete, tumia uzi. Uzungushe kwenye kidole kimoja, kilekile siku zote, asubuhi, bila kukaza. Weka alama ya kalamu mahali ncha zinapokutana. Siku ambayo ncha hazifikii tena alama, kidole kimeongezeka.

Kama unapata balansi, jipime mara mbili kwa wiki, na kila siku ile wiki unayongojea damu. Sheria ni zilezile: asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, na nguo nyepesi. Balansi iwe ileile moja. Ukijipima leo kwa jirani, kesho kwa kijana wa kando ya barabara, utakuwa unapima tofauti ya balansi, si ya mwili wako. Na sisi wa Goma tuna shida yetu: nyumba na viwanja vingi vimekaa juu ya mawe ya volkano. Balansi ikiwekwa mahali penye mabonde inadanganya. Tafuta sima iliyo sawa ao uweke ubao mgumu chini yake.

Mfano mmoja, mwezi kwa mwezi

Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitenge kwenye soko la Virunga, anayesimama tangu asubuhi hadi jioni. Siku ya 8, damu ikiisha, balansi inasema kilo 64. Siku ya 20 ni 64 na gramu 300. Siku ya 26 ni 65 na gramu 100, pete inabana. Damu inapoanza ni 65 na gramu 400, pete haiingii. Siku ya 4 ya damu anakojoa mingi kuliko kawaida na amerudi 64 na nusu. Siku ya 8 ni 64 na gramu 100.

Amepanda karibu kilo moja na gramu 400, na imeondoka yote isipokuwa gramu 100, ambazo si kitu. Mwezi wa pili unafanana na wa kwanza. Huyu mama ana uvimbe wa mwezi. Hana haja ya dawa ya kukausha maji. Jioni, baada ya kusimama kutwa, akiweka miguu juu ya mto kwa nusu saa atasikia nafuu.

Sasa tuseme mwezi wa tatu unakuwa tofauti. Damu inakuja siku yake na inaisha, lakini siku ya 8 balansi inasema 65 na gramu 800. Siku ya 12 ni 66 na nusu. Asubuhi akiamka, macho yamevimba juu na chini, na mkojo unafanya povu ambalo halipotei haraka. Angekuwa hana daftari, angesema "mwezi huu imenishika sana". Daftari linamwonyesha kwamba uzito ulikatala kushuka. Huyu anapaswa kwenda kituo cha afya wiki hiyohiyo. Povu la namna hiyo na macho ya asubuhi ni alama kwamba figo zinaweza kuwa zinapoteza protini ya damu kwenye mkojo. Kipimo chake ni kikaratasi kidogo wanachochovya kwenye mkojo, bandeleti, na jibu linaonekana kwa dakika moja ao mbili.

Alama ambazo si za mwezi

Kwanza ni hiyo tuliyoiona: uvimbe usioshuka wiki moja baada ya damu kuanza, ao unaoongezeka mwezi hadi mwezi.

Ya pili ni shimo. Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya mguu, kwenye mfupa wa muundi, uhesabu polepole mpaka kumi, kisha uachilie. Uvimbe wa mwezi mara nyingi hauachi kitu, ao unaacha alama ndogo inayopotea upesi. Shimo lenye kina linalobaki linaonyesha kwamba maji ni mengi, na sababu yake inapaswa kutafutwa.

Ya tatu ni pumzi. Miguu inavimba, na mtu anachoka kwa kupanda ngazi chache, ao usiku hawezi kulala bila kuinuliwa kwa mito miwili mitatu kwa sababu pumzi inakatika. Hapo tunafikiria moyo. Kuna ugonjwa wa moyo unaowashika wanawake mwisho wa mimba ao miezi ya kwanza baada ya kuzaa, na unaanza hivyo. Familia inasema "ni uchovu wa kunyonyesha", na siku zinapita.

Ya nne ni upande mmoja. Maji ya mwezi yanagawanyika pande zote mbili. Mguu mmoja tu ukivimba, ukiwa moto na unauma kwenye nyama ya nyuma, inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Usiukande na usiupake dawa ya moto. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama kifua kinauma ao pumzi inakatika ghafla, ni saa hiyohiyo.

Uvimbe unakuja, lakini damu haiji

Hapa ndipo makosa yanakuwa makubwa. Maziwa yanauma, mwili unajaa, mama anangojea siku zake, na siku zinapita. Mwanzo wa mimba unafanana sana na siku za kabla ya damu. Kama siku zimechelewa wiki moja, kipimo cha mkojo cha mimba kinakuja kabla ya dawa yoyote.

Mimba ikishakuwepo, kanuni ya mwezi haifanyi kazi tena. Miguu kuvimba jioni, miezi ya mwisho, ni jambo la kawaida kwa wengi. Lakini kuanzia wiki ya 20, yaani karibu mwezi wa tano, uso na mikono vikivimba ghafla ni alama ya kupima tansio siku hiyo. Tansio ya 140 kwa 90 ao zaidi, pamoja na protini kwenye mkojo, ndiyo waganga wanaita preeklampsia. Ikiachwa inaweza kuleta degedege na kuua mama na mtoto.

Alama zinazosema kwamba hali imefika mbali ni kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona giza ao nyota, na maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hasa upande wa kuume. Mama mwenye hizo hapaswi kungojea siku yake ya kupimisha mimba. Anapelekwa hospitali, mchana ao usiku, hata kama ni kwa mgongo wa moto. Huko kuna sindano ya salfati ya magnezi inayozuia degedege, na dawa za kushusha tansio.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui: hatari hiyo haiishi mtoto akizaliwa. Inaweza kuonekana mpaka wiki sita baada ya kuzaa. Mama aliyerudi nyumbani na mtoto mzima, kisha uso ukavimba na kichwa kikauma, hapaswi kuambiwa ni damu ya uzazi inayopanda. Apimwe tansio.

Na kuna preeklampsia isiyo na uvimbe wowote. Kwa hiyo kutovimba si sababu ya kuacha kupima tansio kila unapokwenda kupimisha mimba.

Dawa za farmasi

Mtu akivimba, cha kwanza anachopewa na rafiki ni kidonge cha kukojoza, furosemidi, ambacho wengi wanakiita Laziksi. Ni kweli kinafanya kazi: baada ya saa chache unakojoa na pete inaingia. Lakini mwili umepoteza chumvi, na kesho unajibu kama ulivyojibu projesteroni, unashika chumvi zaidi. Maji yanarudi, wakati mwingine zaidi ya mwanzo. Basi unameza tena. Mtu anaingia kwenye duara ambalo kidonge chenyewe ndicho kinaleta uvimbe. Pia furosemidi inatoa potasi mwilini, na potasi ikipungua sana misuli inalegea na moyo unaweza kupiga vibaya. Kwa mwenye mimba, kujikausha maji kunaweza kupunguza damu inayomfikia mtoto.

Halafu kuna dawa za kunenepa. Madada wanatafuta mashavu na makalio, wananunua deksametazoni pamoja na siproeptadini. Siproeptadini inaongeza hamu ya kula. Deksametazoni inajaza uso uwe wa duara, inaweza kupandisha tansio na sukari, na kufanya mwili ushike maji. Uso huo si afya. Na mtu aliyezitumia miezi mingi asiache deksametazoni kwa siku moja tu, kwa sababu mwili umezoea na unaweza kuanguka. Amwone muganga amshushie polepole.

Vidonge vya maumivu ya tumbo la mwezi, kama ibuprofeni na diklofenaki, navyo vinaweza kufanya figo zishike chumvi. Siku moja ao mbili si shida kwa wengi. Kama unavimba sana kila unapovitumia, mwambie muganga.

Ile wiki ya mwisho, sahani

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja kidogo cha chai. Tatizo letu ni chumvi isiyoonekana: makayabo, na vile vipande vya kukoleza mchuzi. Mama anaweza kutia chumvi kidogo kwa mkono na vipande vitatu juu yake, akafikiri hakutia chumvi nyingi. Makayabo iloweshwe usiku mzima na maji yabadilishwe mara mbili. Siku kumi za mwisho kabla ya damu, chagua kimoja: kipande ao chumvi, si vyote viwili. Haitamsaidia kila mtu, lakini ni jaribio la bei ya bure, na daftari litakuambia kama kwako limefaa. Usiache kunywa maji. Kujinyima maji hakupunguzi uvimbe.

Kuna jambo lingine lililopimwa vizuri. Mwaka 1998 watafiti wa Amerika walitoa matokeo ya wanawake waliopewa miligramu 1200 za kalsiamu kila siku. Kufika mwezi wa tatu, shida za kabla ya damu, uvimbe nao ndani, zilikuwa zimepungua zaidi kuliko kwa wale waliopewa kidonge kisicho na dawa, ingawa hata hao walipata nafuu kidogo. Chakula peke yake hakifikii kiasi hicho kwa urahisi, lakini sambaza wa Ziwa Kivu, wanaoliwa na mifupa yao, ni kalsiamu iliyo karibu nasi. Mfupa ndio wenye kalsiamu, kwa hiyo usiutupe.

Ukienda kwa muganga

Beba daftari lako. Sema tarehe ya siku ya kwanza ya damu ya mwisho, dawa zote unazomeza, hata za kunenepa na hata za kienyeji, na kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango. Sindano hiyo inaweza kuvuruga ao kusimamisha damu, na mama wa namna hiyo, kama vile anayenyonyesha bila kuona mwezi, hawezi kutumia kalenda kupima uvimbe wake. Kwake uvimbe wowote unaodumu zaidi ya wiki moja unahitaji kuonwa.

Infirmye anapaswa kufanya mambo matatu ambayo hayahitaji mashini kubwa: kupima tansio, kuchovya bandeleti kwenye mkojo, na kubonyeza mguu. Kama siku zako zimechelewa, anaongeza kipimo cha mimba. Ukipewa dawa ya kukojoza bila hata kimoja cha hivyo, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Muganga, tansio yangu ni ngapi, na mkojo wangu unasema nini?" Andika jibu kwenye daftari, chini ya tarehe ya siku hiyo.